Nyumba Sita Kwenye Nambari Moja

Nilipoajiriwa kwenye ofisi ya kusambaza mizigo pale Chake Chake, nilikuja na kompyuta ndogo iliyopasuka kona, cheti cha chuo nilichokipatia Unguja, na ubishi wa kuwatosha watu watatu. Cheti hakuna aliyekiuliza. Ubishi walikutana nao siku ya kwanza, maana mwenye ofisi alinionyesha daftari lake la wateja nikamwambia palepale kwamba lile si daftari, ni kitendawili.

Ndani yake mlikuwa na maelekezo kama haya: ukivuka daraja la pili, uulize kwa fundi cherehani. Au: nyumba ya bati jipya, lakini si ile ya kwanza. Bati jipya la mwaka gani? Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia, "Basi weye ulosoma, tutengenezee."

Nikatengeneza. Kazi yetu ilikuwa kupokea mizigo inayoshuka na meli bandarini Mkoani na kuifikisha kwa watu kisiwa kizima. Tulikuwa na kirikuu kimoja, kigari kidogo cha mizigo, na pikipiki tatu. Pikipiki moja ilikaa Mkoani, moja Chake, moja Wete. Swali lilikuwa moja kila asubuhi: mzigo huu apewe nani? Dereva wa Mkoani, wa Chake, au wa Wete? Zamani mzee aliamua kwa kichwa, na kichwa chake kilikuwa kizuri, ila wateja walipozidi kichwa kilianza kuwapeleka madereva wawili kijiji kimoja siku moja, mmoja akitokea kaskazini na mwenzake kusini, wakapungiana mikono njiani.

Niliwaagiza madereva kila wanapokwenda wachukue nambari za mahali kwenye simu zao: latitudo na longitudo, desimali nne. Hizo nne hazikuwa mapambo. Desimali ya nne ni kama mita kumi na moja, yaani unaijua nyumba na ya jirani yake. Ukiishia mbili umebaki na kilomita nzima ya kutangatanga ndani ya mikarafuu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Unachukua tofauti ya latitudo za sehemu mbili, unazidisha kwa mia na kumi na moja, unapata kilomita za kaskazini kwa kusini. Tofauti ya longitudo nayo unaizidisha vivyo hivyo, halafu unaipunguza kwa kuizidisha tena kwa kosaini ya latitudo, kwa sababu mistari ile husogeleana kadiri unavyoikimbia ikweta. Kwetu Pemba, ikweta iko jirani, kosaini ni 0.996, hata ukiisahau hudhuriki sana. Kisha kila kimoja unakizidisha kwa chenyewe, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili. Ipo fomula ndefu inayojali mviringo wa dunia, nami niliijaribu kwa kiburi cha chuo. Katika kisiwa kifupi kama hiki haikumbadilishia mteja hata mmoja njia yake, nikaiacha.

Basi kila mteja kompyuta ilimpima na vituo vitatu, ikamweka kwenye kituo kilicho karibu naye zaidi. Baada ya hapo, ndani ya kila kundi, ilianza na kituo ikatafuta nyumba iliyo karibu, kutoka hapo iliyo karibu na hiyo, mpaka waishe. Nilijua fomula haijui bahari. Kisiwa cha Fundo kilionekana kimegusana na Wete, nikakitoa nikakipa safari yake ya boti peke yake. Hori, ile mikono ya bahari inayoingia ndani ya nchi, nazo nilizipitia moja moja. Nilijiona nimemaliza kila hila, na hapo ndipo nilipokosea, maana nilianza kutembea kichwa juu.

Mzigo uliotupa umaarufu ulikuwa vifaranga. Kilikuwapo kikundi cha akina mama thelathini na wanane, wametapakaa kutoka Wingwi mpaka Wambaa, waliokubaliana kufuga kuku wa kisasa. Vifaranga vya siku moja vilitoka bara, vikashuka Mkoani na meli ya asubuhi, kila mama boksi moja la hamsini, lenye matundu ubavuni. Kifaranga akitoka kwenye yai ana akiba yake tumboni, anaweza kukaa siku mbili bila kula. Jua ndilo asiloliweza. Boksi likipigwa na jua la adhuhuri nyuma ya pikipiki, hewa ndani inakuwa tanuri. Kikundi kilikuwa na sharti kali walilojiwekea wenyewe: anayepoteza boksi zima nafasi yake anapewa mwengine, kwa sababu waliokuwa wakisubiri nje walikuwa wengi kuliko waliomo.

Awamu ya kwanza maboksi thelathini na saba yalifika salama. La thelathini na nane lilifika limekufa.

Lilikuwa la mama mmoja wa upande wa Wambaa. Mumewe alikuwa amefariki wiki mbili kabla, naye yumo ndani ya eda. Dereva wa Chake ndiye aliyelipeleka, na alilifikisha karibu na alasiri. Vifaranga vitatu vilikuwa vikipumua, navyo havikufika magharibi.

Kikundi kiliita kikao uwanjani kwa mwenyekiti wao, wakatuita na sisi. Mama mwenyewe hakuwapo, eda haimruhusu kwenda vikaoni. Alikuja wifi yake, akakaa pembeni. Mwenyekiti, mama mnene wa sauti ndogo, aliuliza kwa heshima tu: imekuwaje? Dereva alifungua mdomo. Mimi nikamkata. Nilifungua kompyuta mbele ya wanawake wale, nikasema mahali palipoandikishwa ndipo mzigo ulipopelekwa, saa saba kasoro dakika chache, na aliyeandikishwa hakuwapo kuupokea. Nikasema kompyuta haina jicho la kumpenda huyu wala kumchukia yule. Kosa si letu.

Wifi aliniangalia. Mwenyekiti akaandika. Ikapita kwamba nafasi ya mjane ingekwenda kwa mwengine awamu ya pili.

Tukiwa njiani kurudi dereva alisema neno moja tu. Alikuwa mtu mzima kunishinda, babu zake walitoka bara wakaja kulima karafuu, yeye kazaliwa hapa na maneno yake ni ya hapa kuliko yangu. "Dada," alisema, "weye una haraka ya kujibu."

Nilikasirika naye siku mbili.

Siku ya tatu nilikaa kuandaa awamu ya pili. Jedwali langu la umbali lilikuwa na mistari thelathini na minane na safu thelathini na nane, kila mama akipimwa na kila mwenzake. Ulalo, yaani mstari wa mshazari wa katikati, ni sifuri tupu, kwa sababu hapo nyumba inapimwa na yenyewe, na sifuri zile zilinikera macho. Kwa ajili ya usafi nilikuwa nimeiamuru kompyuta isizionyeshe, iache nafasi nyeupe. Siku ile nilitaka kuwachapishia madereva, nikaona mapengo meupe mahali ambapo ulalo haupiti. Nikadhani kuna hesabu iliyokatika. Nikarudisha sifuri zionekane.

Zilikuwa nyingi. Mama wa mstari wa ishirini na mama wa mstari wa ishirini na tatu, umbali wao 0.00. Ishirini na ishirini na nne, 0.00. Nilizifuatilia kwa kidole kwenye kioo: wanawake sita wa upande ule wote walikuwa na latitudo moja na longitudo moja mpaka desimali ya nne. Jozi kumi na tano za sifuri. Kaskazini huko Wingwi walikuwapo wanne wengine wa namna hiyo, na watatu karibu na Wete.

Nyumba sita haziwezi kukaa ndani ya mita kumi na moja. Nilijua hilo tangu nimezaliwa. Kompyuta haikujua, nami ndiye niliyeificha dalili ili karatasi ipendeze.

Nilimwita yule dereva wa Chake ofisini. Nilikuwa nimeshajiandaa kumgombeza, kwamba alikuwa mvivu, alisimama mahali pamoja akapiga nambari za kijiji kizima. Nilimwonyesha. Akatazama, akatikisa kichwa polepole.

"Hapo msikiti wa Ijumaa," alisema.

"Na nyumba je?"

"Nyumba mpaka nielekezwe. Lakini mie mwanamme, dada. Nakwenda saa nne, mwenye nyumba yuko baharini au shamba. Ndani wanawake watupu. N'ngie uani na simu mkononi, nipige kitu kama picha? Wangenambiaje? Nkamngoja kila mmoja msikitini Ijumaa, nkamuuliza wapi tukuletee, akasema hapa hapa, nchukulie hapa. Nkaandika hapa."

Mimi ni wa kisiwa hiki. Kaka zangu wenyewe hawaingii uani kwa watu bila mwenyewe kuwapo. Nilimpa mtu mzima mwenye adabu kazi ambayo kwa adabu yake hangeweza kuifanya, na sikumuuliza hata mara moja aliifanyaje.

"Na yule marehemu?" niliuliza.

"Alinambia vivyo hivyo. Nnaswali pale, utaniona pale. Keshakufa, mzigo ukaja. Nkafika msikitini, watu wanatoka adhuhuri, nkauliza. Wakanambia huyo tumemzika. Mpaka apatikane wa kunielekeza nyumbani kwake, mpaka nizunguke hori. Jua ulikuwa unaliona weye mwenyewe."

"Kwa nini hukusema kikaoni?"

Alicheka kidogo, bila uchungu. "Ulinikata."

Niliona haya. Niliyoyafanya yalikuwa haya: nilimvua mjane nafasi yake mbele ya watu kwa ushahidi ambao nilikuwa sijauangalia. Niliamua palepale kwamba itarudi, na niliamua pia kwamba sitamtuma mtu kuirudisha.

Kesho yake niliazima vespa ya dada yangu. Mzee aliniambia awamu ya pili ni siku kumi na moja zijazo, na kwamba nyumba kumi na tatu zilizokosewa hazimtoshi mtu kujitesa, zipigwe simu tu. Nikamwambia nitakwenda zote thelathini na nane. Akaniuliza kwa nini zile nzima nazo. Nikamwambia kwa sababu jana nilidhani zote ni nzima.

Nilichoshindwa kumpa dereva mimi nilikuwa nacho bila kukiomba: mwanamke akipiga hodi anaingia mpaka jikoni. Nilipiga hodi kisiwa kizima. Wingwi njia ilinivua kiatu, vespa nikaiacha kwa muuza duka nikatembea kwa miguu kati ya mashamba ya muhogo na ng'ombe waliofungwa njiani kwa makusudi, nadhani, ya kunizuia mimi. Nikifika nasalimia, naulizwa wazee wangu wote mmoja mmoja, nakula nilichopewa, ndipo natoa simu. Ndani, chini ya bati, nambari zinayumba, kwa hiyo nilisimama uani pasipo na paa nikangoja zitulie.

Mama mmoja alikataa katakata, akidhani nampimia kiwanja chake mtu mwengine. Nilikaa kwake tukamenya muhogo mpaka akaniamini. Mwengine alitaka nichukue nambari za nyumba yake mpya, na nyumba mpya ilikuwa bado ni msingi na rundo la mawe. "Si mwakani nitakuwa hapo," alisema. Nikamwambia vifaranga vinakuja wiki ijayo. Tukacheka, nikachukua za zamani. Siku nyengine nilirudi na nyumba tatu tu. Dada yangu alianza kuniuliza vespa yake itarudi lini, nikawa najibu, "Ikiisha."

Ya mjane niliiweka siku ya saba. Nikisema niliiacha kwa sababu ya njia nitakuwa naongopa. Nilikuwa namwogopa.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, nguo nyeupe, mwembamba, umri wa shangazi zangu. Wifi yake yule wa kikao ndiye aliyenifungulia, akanitambua, akanikaribisha hivyo hivyo. Nilitoa mkono wa pole. Kisha nikasema, kabla sijapoa, "Shangazi, mimi ndiye niliyesema kikaoni kwamba hukuwapo kupokea. Nilikosea. Nambari tulizokuwa nazo zilikuwa za msikiti."

Alilisawazisha pindo la mkeka kwa mkono.

"Msikiti gani?" aliuliza. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Huko ndiko alikokuwa akiswali, ndiyo. Kila kitu changu kilipitia kwake. Barua, dawa, salamu. Sasa kafa, na vitu vyangu bado vyenda kumtafuta msikitini."

Nililia. Sikukusudia, na haikuwa heshima, mimi niliyekuja kuomba radhi kuwa ndiye ninayelia. Wifi yake aliniletea maji. Mjane hakunibembeleza, na nilimshukuru kwa hilo.

Nilipotulia nikatoka uani, nikasimama kati ya kisima na jiko, nikachukua nambari zake. Nikamsomea kupitia mlangoni. Akataka nirudie.

"Hizo ndo mie?"

"Ndiyo wewe. Mtu akiwa nazo anakuja mpaka hapa bila kuuliza kwa mwanamume yeyote."

Nilizilinganisha palepale na za msikiti. Tofauti ya latitudo 0.031, ya longitudo 0.022. Kilomita tatu na nusu kusini, mbili na nusu magharibi, moja kwa moja kama kilomita nne na robo, na barabara inaizunguka hori kwa hiyo ni zaidi. Nikampima na vituo. Kutoka msikitini, Chake ni kilomita 7.9 na Mkoani ni 11.3, ndiyo maana kompyuta ilimpa dereva wa Chake bila kusita. Kutoka hapa nyumbani, Chake ni 11.6 na Mkoani ni 7.1.

Nilirudia hesabu ile mara tatu, nikitumaini nimeikosea. Vifaranga vilishuka Mkoani. Boksi lake lilipakiwa kwenye kirikuu, likapita mbele ya njia ya kuingilia kwao saa moja asubuhi, likaenda mpaka Chake, likakaa, likafungwa nyuma ya pikipiki likiwa la mwisho wa foleni, likarudi huku upande ule ule wakati wa jua kali. Dereva wa kirikuu alikuwa na orodha yangu mkononi. Hakuwa na sababu ya kusimama.

Hilo nalo nilimwambia. Ningeweza kulimeza, hakuna ambaye angejua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Niliomba kikao. Alisema kikao ni mpaka wakutane mwezi ujao, na jina lililochukua nafasi lilikwishaandikwa. Nikamwambia basi nitakaa hapa kwake mpaka mwezi ujao. Akanitazama aone kama natania. Nilivua viatu nikaingia jikoni kumsaidia kukuna nazi. Baada ya alasiri aliwatuma watu, wakaja wanawake kama ishirini, na mimi nikasimama palepale nilipofungulia kompyuta mara ya kwanza. Safari hii sikuifungua. Nilisema boksi lilipotezwa na ofisi, si na mama yule, na aliyesababisha ni mimi. Nilieleza msikiti, nikaeleza nyumba sita kwenye nambari moja, na hapo wengine walicheka kwa mshangao, maana watano kati ya wale sita walikuwapo pale, na kila mmoja alijua anakaa mbali kiasi gani na mwenzake.

Mmoja wao alisema, "Kumbe siye sote twakaa mihirabuni."

Mwenyekiti alilikata lile jina jipya kwenye karatasi. Nafasi ilirudi, kwa sharti moja: boksi hili likifa, liwe limekufa kwa kosa la yeyote yule, hakuna kikao cha tatu.

Nilirudi ofisini na nambari thelathini na nane mpya. Nilipozipanga upya, wanawake tisa walihama kundi. Ramani ya kwanza ya njia za madereva ilikuwa imejaa mistari inayovukana, hii ilitulia. Kwenye jedwali sifuri niliziacha zionekane, ulalo mmoja tu, hakuna nyengine popote. Nilizikagua kwa kidole, mstari kwa mstari. Mjane sasa alikuwa kundi la Mkoani, nyumba ya pili kutoka bandarini. Dereva wa Chake aliposikia alimwendea mwenzake wa Mkoani wakabadilishana siku ile moja. "Ile nyumba naipeleka mie," alisema, na hakuna aliyembishia, hata mimi.

Meli ilifunga gati kumekucha. Nilikuwa bandarini na vespa ya dada yangu, ambaye kufikia hapo alikuwa hanisemeshi. Tulipakia, boksi lake tukaliweka juu kabisa, matundu nje, kitambaa chepesi juu yake. Nilimfuata dereva kwa nyuma njia nzima. Nyumba ya kwanza tulisimama dakika mbili. Jua lilikuwa bado la upole tulipokata njia ya kuingilia kwao, na dereva hakumuuliza mtu yeyote. Alikuwa akitazama simu, akitazama njia, mpaka kisima kikaonekana.

Alizima pikipiki mbali na nyumba. Akalibeba boksi kwa mikono miwili mpaka kizingitini, akaliweka chini, akarudi nyuma hatua kumi, akageuka kuelekea mikarafuu. Ndipo akapiga hodi. Mimi nilibaki naye. Ningeweza kuingia, lakini nilitaka kusimama alipo yeye.

Mlango ulifunguka robo. Mkono wenye nguo nyeupe ulilivuta boksi ndani, mlango ukarudi. Tukasikia kifuniko kikikwaruza. Kisha kimya, kirefu, dereva akaanza kusoma kitu chini kwa chini.

Halafu kelele za vifaranga zikatoka kwa pamoja, na juu yake sauti ya mjane akihesabu, bila haraka, kimoja kimoja, huku akivitoa. Alipofika ishirini dereva aliacha kusoma. Alipofika arubaini nilianza kuhesabu naye. Arubaini na tisa. Hamsini.

"Shangazi," niliita, "wote wazima?"

"Wazima wote," alijibu kutoka ndani. Kisha, baada ya kitambo, kwa sauti ile ile ya kuhesabia, "Na vile vya mwanzo mngevileta hapa, sasa n'ngekuwa navyo mia."

"Kweli, shangazi," nilisema, "ningekuwa nimekufikishia mia." Dereva aliwasha pikipiki, maana nyuma yake palikuwa na maboksi saba bado, na jua lilikuwa likipanda.